Kushonea nywele bila kupoteza za pembeni: uzito ubebwe na nywele zipi?

Binti_Chumbageni

Assalaam alaykum na habari za jioni kwenu nyote. Ninaishi Chumbageni, hapa Tanga mjini, na nywele zangu ni za asili, kipilipili hasa, ambazo sijazitia dawa tangu 2019. Mdogo wangu anaolewa baada ya wiki nane, nami ningependa kushonea wivingi kwa ajili ya shughuli hiyo. Tatizo langu ni kwamba mwaka jana nilisuka rasta nyembamba zilizofika kiunoni, nikakaa nazo miezi minne, na nilipozifumua nikakuta upande wa kushoto, juu kidogo ya sikio kuelekea kwenye paji la uso, nywele zimepungua kwa upana wa vidole viwili. Hazijaisha kabisa. Zilizobaki hapo ni fupi na dhaifu, na ukingoni kuna mstari mwembamba wa malaika ambao haukuondoka.

Nimekwenda saluni tatu. Ya kwanza walinishauri niweke frontali ili lifunike pengo, ya pili walinishauri klosha, na ya tatu kroshia kwa sababu ni nyepesi. Wote walinieleza nitakavyoonekana, lakini hakuna aliyenieleza nywele zangu mwenyewe zitafanywa nini huko chini. Ninaomba anayejua kazi hii anisaidie: ni ushonaji upi ambao hautazimaliza hizi zilizobaki? Ninavaa ushungi kila ninapotoka, kwa hiyo si lazima nywele za mbele zionekane zimelala sawasawa kila siku.

Shani_Raskazone

Dada, mimi ningekushauri frontali la gundi. Kinachong'oa nywele za pembeni ni kusukwa na kuvutwa, na gundi haivuti kitu. Nimelitumia kwa miaka mitatu, ninalibandua kwa mafuta yake maalumu, na nywele zangu za mbele zipo.

Msusi_Barabara_ya_Nane

Dada Chumbageni, nimesuka na kushonea watu hapa Ngamiani kwa miaka 19, na ninakuomba uyaweke kando majina ya mitindo kwa muda, ujiulize jambo moja: uzito wa hizo nywele mpya utabebwa na nywele zako zipi?

Wivingi inashonewa kwenye mistari tuliyoisuka chini, na mistari hiyo imeshikiliwa na nywele zako. Sasa wasusi wengi huanza kwa kusuka mstari mmoja unaozunguka kichwa chote ukingoni, kama mpaka wa shamba, kisha ncha za mistari mingine huingizwa humo na ukanda wa kwanza wa wivingi hushonewa juu yake. Mstari huo wa mpakani umetengenezwa kwa nywele dhaifu kuliko zote kichwani, na bado ndio unaopewa kazi kubwa kuliko yote. Mteja akizibana nywele juu, unaovutwa ni huo. Akilala kwa ubavu, ni huo huo. Pengo lako la kushoto limekaa mahali ambapo mstari wa mpakani ungepita.

Ndiyo maana frontali halikufai. Lesi yake inatoka sikio hadi sikio, na ili ikae sawa ni lazima nywele za mbele zisukwe zilale kabisa hadi ukingoni. Dada Shani amesema kweli kwamba gundi yenyewe haivuti kama msuko, lakini chini ya frontali bado kuna mistari, na gundi inakaa juu ya malaika ambayo dada anataka kuyaokoa. Siku ya kubandua, haraka ya dakika tano inaondoka nayo. Klosha ya inchi nne kwa nne inakaa mbele juu ya utosi na haigusi pembeni, hivyo ni afadhali, ila nywele za ubavuni lazima zifunikwe kwa kitu, na msusi asiye makini atarudi kwenye mpaka uleule. Kroshia ni nyepesi, hilo ni kweli, lakini watu hupachika vifundo vingi mbele ili kuficha mistari, na hapo wepesi wake unakuwa hauna faida kwa ukingo.

Kwa kichwa chako ningesuka bila mstari wa mpakani. Ningeacha nywele zako nje kuzunguka kichwa kizima kwa upana wa kidole kimoja, na upande wa kushoto ningeanzia nyuma ya pengo lote, hata kama ni vidole vitatu. Nywele hizo za nje ndizo zitakazofunika mishono.

Bi_Mkubwa_Pangani

Mwanangu, zamani tulisukwa twende kilioni usiku kucha tukalala tunalia, na nywele zetu zilikuwa ndefu. Msuko usiouma haukai. Paka mafuta ya nazi na ya mnyonyo pembeni kila usiku na nywele zitarudi. Ila ninataka kukuuliza jambo lingine: je, kuunganisha nywele za mtu mwingine kunafaa kwa dini yetu? Na ukihitaji kuoga josho, maji yatafikaje kwenye ngozi?

Binti_Chumbageni

Shikamoo Bi Mkubwa, na ahsante kwa kunijali. Swali la hukumu nimelipeleka kwa mwalimu wangu wa madrasa na ningependa libaki kwake. Hapa ninauliza kuhusu ngozi na nywele tu. Hata hivyo, hilo la maji ni la maana kwangu: ninahitaji ushonaji ambao maji yatafika kwenye ngozi bila shida, na ambao utakauka, kwa sababu hapa kwetu hata kanga iliyoanikwa ndani haikauki siku za masika.

Tabibu_Kange

Ninaomba niseme machache kuhusu maumivu, kwa heshima kwa Bi Mkubwa. Nywele inaota kutoka kwenye kitundu kilichomo ndani ya ngozi, na kitundu hicho kikivutwa siku baada ya siku huvimba, kisha hutoa nywele nyembamba zaidi, na kikiendelea kuvutwa kwa miaka mingi hufunga na kuwa kovu. Maumivu ya usiku wa kwanza ni taarifa kwamba mvuto umezidi. Kumeza panadoli ili upate usingizi kunanyamazisha taarifa hiyo na kuacha mvuto uendelee. Dalili nyingine ni vipele vidogo kwenye mizizi, na ngozi iliyoinuka kama ya kuku aliyenyonyolewa.

Habari njema kwako, dada, ni huo mstari wa malaika na hizo nywele fupi ulizozitaja. Malaika yakibaki ukingoni na pengo likawa nyuma yake, huo ndio mchoro wa kawaida wa nywele zilizopotea kwa kuvutwa, na maadamu bado kuna nywele zinazoota ndani ya pengo, mara nyingi zinaweza kurudi ikiwa mvuto utasimama. Jiangalie mchana kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona ngozi inang'aa na haina vitundu, hapo usisubiri mafuta. Anzia hospitali ya Bombo, na ikihitajika utapelekwa kwa wataalamu wa ngozi. KCMC kule Moshi pana kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi ambacho kimefanya kazi tangu miaka ya 1990.

Kuhusu mafuta, Bi Mkubwa yuko sahihi kwa upande mmoja. Mafuta ya nazi huingia ndani ya unywele na kupunguza kukatika kwake, kwa hiyo zile ulizo nazo zitadumu. Lakini hayana uwezo wa kufungua kitundu kilichofungwa, na hayapunguzi mvuto wa msuko.

Mama_Pacha_Bagamoyo

Samahani kwa kuingilia. Mimi niko Bagamoyo, kule Dunda, na nilishonea wivingi mwezi mmoja baada ya kujifungua. Sasa watoto wana miezi minne, nimefumua, na nywele zinatoka kichwa kizima kila ninapopitisha kitana, hasa mbele. Nimeacha kwenda kwa msusi wangu kwa hasira. Je, ni nyuzi za kushonea ndizo zilizonikata?

Tabibu_Kange

Mama Pacha, hongera kwa watoto. Kutoka kwa nywele kichwa kizima kati ya mwezi wa pili na wa nne baada ya kujifungua ni jambo linalowapata wanawake wengi. Wakati wa ujauzito nywele nyingi hukaa bila kudondoka, kisha zinadondoka kwa pamoja, na kwa kawaida hurudi zenyewe ndani ya mwaka mmoja hivi. Tofauti na ya dada wa Chumbageni ni kwamba yake iko mahali pamoja, pale palipovutwa. Chukua nywele chache zilizotoka uziangalie mwisho wake: zenye kijivimbe cheupe kwenye mzizi zimedondoka zenyewe, na zisizo nacho zimekatika katikati. Huenda msusi wako hana kosa, ingawa kushonea kipindi hicho kulikuongezea mzigo.

Mama_Pacha_Bagamoyo

Nimeziangalia. Nyingi zina hicho kijivimbe cheupe. Kesho nitampigia simu msusi wangu.

Binti_Chumbageni

Msusi wa Barabara ya Nane, nimekuelewa, na sasa ninaona kwamba sikuwa nimeuliza swali lililotakiwa kule saluni. Ninaomba unieleze kazi yenyewe hatua kwa hatua, ili nikikaa kwenye kiti nijue cha kuangalia. Nilikuwa nimenunua mafungu matatu ya nywele zilizonyooka, inchi 20.

Msusi_Barabara_ya_Nane

Kwanza, usishonee sasa. Una wiki nane, na nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo ukiziacha zipumzike utaingia kwenye shughuli ukiwa na karibu sentimita mbili mpya katika pengo hilo. Katika muda huo zisukwe mabutu makubwa yaliyolegea, bila rasta. Ushonee siku nne au tano kabla ya harusi. Usisubiri mkesha wake, maana mstari ukiuma utahitaji siku ya kuufumua na kuurudia.

Pili, hayo mafungu. Fungu moja kwa kawaida lina gramu 100, na urefu haubadilishi hilo. Fungu refu lina nywele chache zaidi kwa uzito uleule, ndiyo maana anayetaka inchi 20 huhitaji matatu ili kichwa kijae. Hizo ni gramu 300 zinazoning'inia siku nzima. Ukichukua inchi 12, mafungu mawili yanatosha, na umepunguza theluthi ya mzigo kabla hujakaa kwenye kiti. Zilizonyooka nazo zina shida yake: nywele utakazoacha nje ni kipilipili, na ili zifanane na wivingi utazipiga pasi kila siku mbili. Utakuwa umeziokoa kwenye msuko ukaziua kwa moto. Badilisha uchukue zenye kipilipili kinachokaribiana na chako. Kwa kuwa unavaa ushungi, hutahitaji kabisa kuzinyoosha.

Tatu, siku yenyewe. Nywele zioshwe, zifanyiwe stimingi, kisha zikaushwe kabisa kabla ya kusukwa. Unywele wa kipilipili ulioloa hurefuka ukivutwa, na ukikauka hurudi ufupi wake, kwa hiyo mstari uliosukwa mbichi hukaza zaidi usiku. Mistari iwe minene kama kidole cha shahada. Kumi au kumi na miwili inatosha kichwa cha kawaida. Mkazo mkubwa huwa kwenye mishono mitatu ya kwanza, pale msusi anapokamata ngozi ili mstari uanze vizuri. Mwambie aianze kwa kulegeza na akaze kidogo akifika katikati ya kichwa, ambako nywele ni imara. Upande wa kushoto mistari ielekee chini kufuata nywele zilivyolala, isivutwe kuelekea utosini.

Katika kushona, sindano ya kupinda izunguke mstari mzima. Ikipita katikati ya mstari, uzi unakamata nywele chache na hizo ndizo zitakazokatika. Mkanda wa kwanza wa chini usishonewe kwenye vinyweleo vya kisogo. Uanzie mstari wa pili.

Ukimaliza, inua nyusi, kisha inamisha kichwa mbele na ukigeuze pande zote mbili. Ukihisi sehemu inavutwa, iseme hapo hapo. Mimi ninapendelea mteja anisumbue nikiwa bado na sindano mkononi.

Kidani_cha_Mji_Mkongwe

Mimi pia ni msusi, Bagamoyo, na ninatofautiana nawe katika jambo moja. Kwa kichwa chenye nywele dhaifu ninaweka neti juu ya mistari, kisha ninashonea kwenye neti. Uzito unagawanyika kichwa kizima badala ya kuning'inia kwenye mistari michache, na kukitokea eneo lenye pengo neti inapita juu yake bila kuligusa. Nimefanya hivyo kwa wateja wengi na kingo zao ni nzima.

Msusi_Barabara_ya_Nane

Kuhusu kugawa uzito sibishani nawe, dada Kidani, neti inafanya hivyo. Ninachokiogopa ni unyevu. Hewa ya pwani haikaushi haraka, na mteja akiosha, povu na maji hubaki kati ya neti na ngozi. Nimefumua vichwa vilivyonuka na vilivyojaa mba. Dada huyu amesema anahitaji maji yafike kwenye ngozi mara kwa mara. Neti pia lazima ifungwe mahali, na wengi huifunga ukingoni.

Kidani_cha_Mji_Mkongwe

Mimi huikata neti iishie kabla ya ukingo, na mteja wangu halali hadi amekaa chini ya draya saa nzima. Bila draya nakubali kwamba haifai. Lakini mwenye draya asinyimwe neti kwa sababu hiyo.

Shani_Raskazone

Nimesoma yote. Bado ninaona kwamba frontali linategemea mikono ya anayelibandua, na mimi sijaathirika. Ila nimekwenda kioo cha dirishani kama alivyosema tabibu, na mbele ya sikio la kulia nimeona paliponyonyoka kidogo. Sijui kama ni gundi au ni kuzaliwa hivyo. Sina picha ya zamani ya kulinganisha.

Tabibu_Kange

Piga picha leo, Shani, nywele zikiwa zimechanwa nyuma, kisha upige nyingine baada ya miezi mitatu mahali hapo hapo na kwenye mwanga uleule. Kwa sasa hakuna anayeweza kukujibu. Ngozi ikiwasha au ikitoa majimaji baada ya gundi, acha mara moja, kwa kuwa baadhi ya gundi zina mpira na wapo watu ambao miili yao inaukataa.

Binti_Chumbageni

Assalaam alaykum tena. Zimepita wiki 14 tangu nilipoandika, nami niliahidi moyoni kurudi. Harusi ilikwenda salama.

Nilipumzika wiki saba na nusu kwa mabutu, nikabadilisha yale mafungu matatu kwa mawili ya kipilipili ya inchi 12, na nikashonea siku nne kabla. Msusi niliyempata alishangaa nilipomwambia asisuke mpaka, lakini alikubali, na nywele za kushoto zikaachwa nje hadi nyuma ya pengo. Usiku wa kwanza mstari mmoja juu ya sikio la kulia ulipiga kama mshipa. Kesho yake nilirudi, ukafumuliwa na kusukwa upya, na maumivu yakaisha saa hiyo hiyo.

Nilikuwa ninaosha kila baada ya siku kumi kwa shampuu niliyoichanganya na maji kwenye chupa ya sosi yenye mdomo mrefu, nikiipitisha kati ya mistari, kisha ninakaa chini ya draya kwa jirani. Nilijifunza kwamba juu hukauka kwa nusu saa, lakini kidole kikiingizwa chini ya wivingi kisogoni kinakuta bado kuna ubaridi, hivyo nilikuwa ninaongeza nusu saa nyingine. Chini ya ushungi nilivaa kofia ya satini iliyolegea, maana niligundua kwamba mpira wa kofia yangu ya zamani ulikuwa unapita palepale penye pengo.

Nimefumua juzi, baada ya wiki sita. Nywele zilizotoka zilijaa kiganja na nikataka kulia, lakini nilikaa nikapiga hesabu: mtu hudondosha kati ya nywele 50 na 100 kwa siku, na kwa siku 42 hizo ni 2,100 hadi 4,200 ambazo zilikuwa zimenaswa kwenye mistari bila pa kwenda. Nilizitazama moja moja kwenye mwanga, na karibu zote zina kijivimbe cheupe. Pengo la kushoto halijaziba, ila zile fupi sasa zinashikika kwa vidole, jambo ambalo halikuwezekana mwezi wa kwanza.

Kimenibakia kitu kimoja. Kisogoni, upande wa kulia, kuna vipele vinne au vitano ambavyo sikuvihisi nilipokuwa nimeshonea. Msusi wangu anasema ni jasho la ushungi, nami ninashuku kwamba mkanda wa chini ulishonewa chini kuliko tulivyokubaliana.

Msusi_Barabara_ya_Nane

Vipele hivyo viko ukingoni kabisa, au juu yake kwa upana wa kidole?

Binti_Chumbageni

Ukingoni kabisa.

Msusi_Barabara_ya_Nane

Basi ninaegemea upande wako, ingawa siwezi kuapa bila kukiona kichwa. Usisuke kitu chochote hapo kwa wiki tatu, na ushungi ufungwe juu kidogo. Vikitoa usaha, nenda Bombo.